Pale Kichwa Kinaporuka

Mtu akikaa mbele ya kamera akazungumza dakika 40, kinachofaa kuonyeshwa watu mara nyingi hakizidi dakika tatu au nne. Kilichobaki ni kikohozi, "yaani", "nanihii", simu iliyoita, habari ya jirani iliyojipenyeza katikati, na sentensi tatu zinazosema jambo lile lile. Mhariri anakata. Sauti haina ubishi: maneno mawili yaliyotamkwa kwa kupishana robo saa yanaweza kuunganishwa, na yakasikika kama yametoka kwa pumzi moja. Picha ndiyo inayogoma. Sekunde hii kichwa kimeelekea kushoto, inayofuata kimenyooka. Mkono uliokuwa hewani ghafla uko gotini. Kofia nayo imesogea. Mtazamaji huenda asijue kwamba pamekatwa kitu, lakini ameona mtu mzima akirushwa kwenye kiti chake, na kwa nukta hiyo ameacha kusikiliza.

Mruko huo unaonekana kwa sababu kila kitu kingine kimebaki vile vile. Ukuta ni ule ule, kiti ni kile kile, ukubwa wa uso ni ule ule, kwa hiyo jicho haliupokei mkato kama picha mpya bali kama mwendo usiowezekana. Ungemtoa mtazamaji kwenye uso wa msemaji ukampeleka kwenye mikono yake, asingelalamika hata kidogo. Mabadiliko makubwa hayamsumbui. Madogo ndiyo yanayomsumbua.

Wapo wanaouacha mruko kwa makusudi. Jean-Luc Godard, katika filamu yake ya kwanza ndefu iliyotoka mwaka 1960, alipoiona imezidi urefu alikata vipande ndani ya shoti moja moja badala ya kuondoa matukio mazima, na mikato ile ikawa sifa yake. Vijana wanaozungumza mbele ya simu zao leo nao wanakata hivyo kila baada ya sentensi, na watazamaji wao wameshazoea. Kwa kijana anayechekesha au kubishana mambo ya mpira, sina neno. Lakini mzee anayeeleza kazi aliyoifanya tangu ujana hastahili kurushwarushwa, na yeye ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Dawa ya zamani ni kuifunika ile sehemu ya mkato kwa picha nyingine huku sauti ya msemaji ikiendelea. Nitaziita picha za kufunikia. Enzi za filamu ya milimita 16, habari za televisheni zilirushwa kwa mashine mbili zinazokwenda pamoja: moja ikiwa na rili ya msemaji na sauti yake, ya pili ikiwa na rili ya picha za matukio, na mtu akikaa tayari kuhamisha kutoka mashine hii kwenda ile wakati taarifa iko hewani. Akichelewa kidogo, nchi nzima iliuona mruko. Siku hizi tunapanga vipande kwenye kompyuta au kwenye simu kwa utulivu, na utulivu huo umetuharibu, maana wengi wanadhani picha za kufunikia ni suala la kuhariri. Wanarekodi mahojiano, wanarudi nyumbani, wanakata, na ndipo wanapoanza kutafuta cha kufunikia. Wanaishia kuweka ua linalopepea, barabara yenye magari, au picha iliyopakuliwa mtandaoni ya mikono ya mtu mwingine kabisa ikichapa kompyuta.

Picha ya kufunikia huzaliwa kwenye maneno ya msemaji, na hupigwa pale pale alipo, siku ile ile. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: video ya dakika tatu ya mpishi wa halua wa Unguja.

Halua ni kazi ya kamera kwelikweli. Kuna karai kubwa la shaba, moto, mwiko mrefu kama kasia, na mtu anayekoroga kwa saa kadhaa bila kupumzika. Wanga na maji vinaingia kwanza pamoja na sukari, kisha samli, iliki, zafarani, kungumanga, na mwishoni lozi au korosho kwa anayependa. Ugumu wa kwanza unaonekana hata kabla kamera haijatolewa mfukoni: mpishi hawezi kuacha kukoroga ili azungumze nawe, kwa maana halua itashika chini. Na ukimhoji huku anakoroga, utapata pumzi za kuchoka, mlio wa mwiko ukisugua shaba, na sauti isiyokatika vizuri, kwa kuwa kelele za nyuma zitaruka kila utakapokata. Kwa hiyo mhoji kabla moto haujawashwa, akiwa amekaa karibu na karai lake, amevaa nguo atakazopikia. Nguo si jambo dogo. Akihojiwa na kanzu nyeupe kisha apike na fulana, kila picha ya mikono yake itamfanya mtazamaji ajiulize kama ni mtu yule yule.

Mpangilio huu wa mahojiano kwanza na kazi baadaye una faida kubwa kuliko ya kelele. Unakuwa umeshajua atakachosema. Wakati mpishi anazungumza, kaa na daftari uandike vitu na vitendo anavyovitaja, si hoja zake. Akisema "zamani tulinunua samli kwa kibaba, siku hizi inakuja kwenye madebe", wewe andika: samli, debe. Akisema "mkono huu unauma mpaka usiku", andika: mkono, bega. Akisema "ukiona inavutika kama mpira ujue bado", andika: inavutika. Mazungumzo yakiisha utakuwa na orodha ya vitu kumi na tano hadi ishirini, na hiyo ndiyo ramani ya upigaji wako kwa saa zinazofuata. Na ukimwomba akuonyeshe debe lile lile alilolitaja, utashangaa jinsi anavyofurahi kulitafuta.

Sasa hesabu kidogo. Video ni ya dakika tatu. Tuseme nusu yake tutauona uso wa mpishi, na nusu nyingine, sekunde 90, itafunikwa. Shoti moja ya kufunikia hukaa kwenye skrini sekunde tatu hivi, wakati mwingine nne. Hizo ni shoti 30 zinazoonekana. Na kwa kuwa nyingine zitakuwa zimetikisika, nyingine fokasi imepotea, na nyingine hazitakuwa na pa kuwekwa, usirudi nyumbani na pungufu ya 60. Anayesikia idadi hiyo kwa mara ya kwanza huona ni nyingi mno. Kwa sekunde kumi kila moja, ni dakika kumi tu za kurekodi ndani ya saa nyingi za kupika.

Sekunde kumi hizo zina sababu. Ukipata picha nzuri, tuliza kamera, bonyeza, kisha hesabu moyoni hadi kumi bila kusogea. Wanaoanza hupiga sekunde mbili wakaondoka, kwa kuwa wameshaiona. Mezani wanagundua kwamba nusu sekunde ya mwanzo ilitikisika kwa kubonyeza, nusu ya mwisho ilitikisika kwa kuzima, na kilichobaki katikati hakitoshi hata sentensi moja. Usiipeleke kamera kushoto na kulia kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Acha mwendo uwe ndani ya picha: mwiko unazunguka, mvuke unapanda, mkono unamimina. Picha iliyotulia inaweza kukatwa popote. Inayotembea inakudai usubiri ifike inakokwenda.

Kila kitendo kipige kwa umbali usiopungua mitatu. Kwanza simama mbali umwone mpishi mzima, karai na jiko lake. Kisha sogea umwone kuanzia kiunoni, na mwiko mkononi. Kisha sogea kabisa uone mwiko peke yake ukiikata halua. Ongeza uso wake akitazama karai, halafu kitu kimoja kutoka pembe isiyotarajiwa, kwa mfano juu ya bega lake ukitazama anachokitazama yeye. Ukiwa na hizo tano za kitendo kimoja, zinapangika zenyewe kama kisa kidogo: tunamwona mtu, tunaona anachofanya, tunaona kinachotokea. Ukiwa na shoti tano za vitu vitano tofauti, una albamu, na mtazamaji anaanza kuhesabu vitu badala ya kusikiliza.

Mikono ndiyo mali kuliko vyote. Mikono haina mdomo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kosa linaloharibu video nyingi ni kufunika mkato kwa picha ya msemaji yule yule akizungumza na mtu mwingine. Tunamsikia akisema habari ya sukari huku midomo yake kwenye picha ikisema jambo jingine, na mara moja kila mtu anajua kwamba amechezewa. Unapopiga uso wake akiwa kazini, mwombe akae kimya, au subiri anyamaze mwenyewe. Mtu anayekoroga hunyamaza mara nyingi. Na kama kijana wake amekuja kumsalimu na wameanza soga, geuza kamera kwenye mikono, au kaa nyuma ya mpishi mdomo usionekane.

Halua ina mtego wake mwingine, nao ni wa wakati. Mwanzoni ni majimaji yenye ukungu. Baada ya muda inakuwa nzito, inang'aa, na rangi inazidi kukolea kadiri sukari inavyoiva. Kwa hiyo kila picha uliyoipiga ina saa yake ndani, iwe umeiandika au hukuiandika. Mpishi akisema "hapo mwanzo unakoroga polepole", halafu wewe umefunika kwa karai lililojaa halua nyekundu iliyokaribia kuiva, mtazamaji wa Nairobi hatagundua kitu. Wa Wete atagundua kabla sentensi haijaisha, na hatakusamehe. Maelezo ya faili kwenye simu yana saa ya kurekodi. Yatumie kutenga picha za mwanzo, za kati na za mwisho kabla hujaanza kuhariri. Mtego huu upo kila mahali kazi inapobadilika kwa muda: ukuta unaojengwa, nywele zinazosukwa, gari lililofunguliwa injini. Saa ya ukutani na kivuli cha jua sakafuni navyo hutoboa siri.

Jikoni kuna mambo ya vifaa ambayo hayana utani. Simu iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikiingizwa kwenye joto la jiko, lenzi hushika ukungu. Iache dakika kadhaa izoee, kisha ifute kwa kitambaa laini. Usiisogeze karibu na samli inayoruka. Simama hatua mbili nyuma utumie lenzi ya kuvuta, kama simu yako inayo. Moto nao huichanganya kamera. Ulimi wa moto ukipanda, kamera inatia giza picha nzima. Ukishuka, inaangaza tena, na shoti yako inapumua kama mtu aliyekimbia. Kwenye aifoni, weka kidole juu ya sehemu unayoitaka na usikiondoe mpaka yatokee maandishi AE/AF LOCK; simu nyingi za aina nyingine zina njia yake ya kufunga mwanga na fokasi. Na kama jiko linamulikwa na taa za tyubu, kumbuka kwamba umeme wa kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Shata ya 1/60, inayopendwa na simu zinazorekodi fremu 30, inaweza kuleta mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Chagua 1/50 au 1/100, na mistari itaondoka.

Kabla hujaondoka, rekodi vitu viwili visivyoonekana. Nusu dakika ya ukimya wa mahali pale ulipomhojia, watu wote wakiwa kimya, maiki ikiwa pale pale. Kisha dakika nzima ya mwiko ukikwangua shaba, maiki ikiwa karibu na karai. Utavihitaji vyote viwili mezani.

Mezani, usianze na picha. Weka mahojiano, fumba macho, kata kwa masikio tu. Hapa ndipo video inapotungwa. Picha za kufunikia haziwezi kuokoa maneno yaliyounganishwa vibaya. Picha inaficha mruko wa kichwa, haifichi mruko wa sauti. Mpishi akimaliza sentensi kwa sauti inayopanda, kama anayeorodhesha, kisha ukaibandika sentensi iliyoanza kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka, sikio litakataa hata ukifunika kwa picha nzuri kuliko zote duniani. Tafuta pumzi. Kata kabla tu ya pumzi ya sentensi inayofuata, uiache pumzi yenyewe iingie, kwa kuwa mtu asiyepumua anasikika kama mashine. Ule ukimya wa nusu dakika uutandaze chini ya mahojiano yote, ili pale penye mkato pasibaki shimo la kimya kingine. Kati ya vipande viwili weka mpito mfupi wa sauti, fremu mbili au tatu, unaoua mlio ule mdogo wa "tik" unaosikika kwenye maungio.

Tuseme mpishi wetu alisema hivi: "Halua, bwana, halua haitaki... (anakohoa) ...haitaki haraka. Wewe ukishawasha moto wako, nanihii, kuna siku mtoto wa dada aliondoka kwenda dukani... eeh, unakoroga mpaka samli ianze kujitoa pembeni. Sasa wengine, wengine wanaacha mapema. Hapo ndipo unapojua imeiva." Baada ya kukata, yanabaki haya: "Halua haitaki haraka. Unakoroga mpaka samli ianze kujitoa pembeni. Hapo ndipo unapojua imeiva." Ni sekunde nane hivi. Mikato ya ndani ya sentensi ya kwanza tuiache kando. Wacha sentensi hiyo ianze juu ya picha ya moto unaoshika, na uso wa mpishi utokee kwenye neno "haraka". Yapo maungio mawili: sekunde ya tatu baada ya "haraka", na sekunde ya sita baada ya "pembeni".

Anayeanza ataweka picha ya mwiko kuanzia sekunde ya tatu kamili hadi ya sita kamili. Inaonekana ni sahihi, lakini picha yake imekuwa kama plasta juu ya kidonda: kila mtu anajua kuna nini chini. Picha inabadilika nukta ile ile sauti inapobadilika, na mabadiliko mawili yakigongana yanapigiana tarumbeta. Vipishanishe. Uso wa mpishi uendelee kidogo baada ya "haraka", huku tukiuona mdomo wake ukifunga, kama kuna nafasi ya pumzi. Au, kama kichwa chake kiligeuka mara tu alipomaliza, picha ya mbali ya jiko iingie nusu sekunde kabla neno halijaisha. Mkato wa sauti unapopita, tayari tunatazama kitu kingine. Baada ya sekunde moja na nusu, tunasogea kwenye mwiko. Halafu ukingo wa karai, samli ikimeremeta mahali inapoachana na halua, na picha hii iingie kabla tu ya neno "samli". Jicho linaona kitu kinang'aa na kujiuliza ni nini, sauti inajibu. Ukichelewesha picha hadi baada ya neno, inakuwa kielelezo cha darasani.

Picha hiyo ya ukingo ndiyo inayovuka ungio la pili. Inakaa hadi "Hapo ndipo", na ndipo tunaporudi kwenye uso, mpishi akiwa ameshaanza sentensi: "unapojua imeiva." Kumwona mtu akiwa katikati ya sentensi ni jambo la kawaida kwa jicho, kwa hiyo kurudi kwake hakushtui. Kisha usikate. Mwache amalize, atabasamu au atazame karai lake, sekunde mbili nzima. Chini ya shoti zote tatu za jikoni, leta ule mlio wa mwiko kwa sauti ndogo, uanze kabla kidogo ya picha ya kwanza na ufifie baada ya uso kurudi. Picha isiyo na sauti yake inaelea. Mtu anaona mwiko unasugua lakini hasikii kitu, na bila kujua kwa nini anaacha kuiamini.

Nimeeleza sekunde nane kwa kirefu hivyo, na video ina sekunde 180. Lakini si zote zinafunikwa, na kujua pa kutofunika ni kazi nusu. Mara ya kwanza msemaji anapotokea, mwache aonekane vya kutosha, walau sekunde tano, mtazamaji amjue anayezungumza naye. Anapotaja jambo linalomgusa, kwa mfano baba yake aliyemfundisha, usithubutu kuweka karai. Uso wake pale ndiyo habari. Kama kuna mkato hapo, afadhali usogeze mkato kuliko kuufunika. Na usifunike kila mkato kwa hofu. Video ambayo uso unaonekana sekunde mbili tu kisha picha nne, kisha uso, kisha picha nne, inachosha kama redio iliyobandikiwa kalenda.

Kuna siku picha hazitoshi. Upo mezani, mpishi yuko Unguja, na kuna ungio moja lisilo na kifuniko. Kama ulirekodi mahojiano kwa 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, na video inatoka kwa 1920 kwa 1080, unaweza kukuza kipande kimoja hadi mara mbili bila picha kuharibika. Sentensi ya kwanza ionekane kuanzia kiunoni, ya pili kuanzia kifuani. Tofauti iwe kubwa ya kutosha, asilimia 30 au zaidi. Ukikuza kwa asilimia kumi tu unarudisha mruko ule ule kwa mlango wa nyuma. Na macho ya msemaji yabaki karibu na kimo kile kile kwenye skrini. Mbinu hii ni ya kuazima. Ukiitumia mara mbili kwa video nzima, haionekani. Ukiitumia mara kumi, mtazamaji anaanza kuhisi kuna mtu anamsogezea kiti.

Njia nyingine ya zamani ni kumwonyesha mwandishi akitikisa kichwa kusikiliza. Kwa kuwa kamera ilikuwa moja, vichwa hivyo vilirekodiwa baada ya mahojiano kwisha, wakati mwingine mhojiwa akiwa ameshaondoka, na mwandishi anauitikia ukuta. Filamu ya Broadcast News ya mwaka 1987, iliyoongozwa na James L. Brooks, imejengwa juu ya jambo hilo: mtangazaji anaonekana akitokwa na chozi akimsikiliza mwanamke aliyebakwa, na baadaye produsa mwenzake anatambua kwamba kwenye mahojiano yale ilikuwapo kamera moja tu, kwa hiyo chozi lilipigwa baadaye. Mwaka 2007 idara ya habari ya kituo cha Five cha Uingereza ilitangaza kwamba inaviacha vichwa hivyo vya kuitikia. Sisi kwenye jiko la halua hatuna haja navyo kabisa, tukiwa na karai.

Lakini swali linabaki, maana karai nalo linaweza kudanganya. Kifuniko kinachoficha kikohozi kinaweza pia kuficha neno "ila". Mpishi alisema: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi hii, ila wa kwangu wanaipenda." Ukikata baada ya koma na kuweka picha ya mwiko, umemfanya awatukane wanawe mbele ya mtaa mzima, na hakuna atakayeuona mshono. Mimi hucheza sauti iliyokatwa peke yake, bila picha, nikijiuliza kama msemaji mwenyewe angeisikia angesema "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema". Picha nazo huzipima hivyo hivyo. Kama anasema biashara imelala, simfuniki kwa foleni ya wateja wa mkesha wa Idi niliyoipiga mwezi uliopita, hata kama ndiyo shoti nzuri kuliko zote nilizonazo. Na pale ambapo maneno ni mazito, kwa mfano anamtuhumu mtu au anataja fedha, naacha mkato uonekane: kichwa kiruke, au niweke mpito mfupi wa picha kuyeyukia picha, ili mtazamaji ajue kwamba hapo kuna maneno yaliyoondolewa.